Kichwa Kinapouma: Kipi cha Kulala, Kipi cha Kupeleka Kituoni

Maneno haya ni ya mhudumu wa afya ya jamii wa Magara, yule tunayemwita kwa Kirundi umuremeshakiyago. Ayaseme kwa sauti yake mwenyewe, pole pole, kwa muda wa nusu saa hivi, kisha aache watu waulize. Siku nzuri za kuyasema ni zile za mbalamwezi kubwa, ambapo ndagala hawafuati taa, mitumbwi imepumzika, na wanaume wako nyumbani. Wanaume wakikosekana, nusu ya kazi imepotea, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaotoa nauli na wao ndio wanaosema "tungoje kwanza kesho". Yaliyo kwenye mabano ni ya msemaji peke yake, hayasomwi.

Amahoro, ndugu zangu. Hamjambo mama zangu, hamjambo baba zangu, karibuni wazee wetu mkae mbele.

Leo tunazungumza kuhusu kichwa. Hakuna mtu hapa ambaye hajawahi kuumwa kichwa, na karibu kila mara kilipona chenyewe. Kwa sababu hiyo tumezoea kukipima kwa ukali wake: kikiuma kidogo tunakidharau, kikiuma sana tunaogopa. Kipimo hicho kinatudanganya. Kuna kichwa kinachouma mpaka mtu analia, na kesho yake yuko ziwani anavuta nyavu. Na kuna kichwa kinachouma kiasi tu, ambacho mama amekaa nacho siku tatu akipika na kufua, kisha siku ya nne anaanguka kwa degedege.

Kwa hiyo ninawaomba mkipime kwa maswali matatu. Kilianzaje? Kimekuja na nini? Kimempata nani? Mtu akijua kuyajibu haya, anajua kama alale au aende kituo cha afya.

Nianze na cha kulala, maana ndicho kingi. Baba amekesha ziwani usiku kucha, asubuhi amekaa juani akitenganisha ndagala na mukeke, hajanywa maji tangu jana. Kichwa kinaanza mchana, kinabana pande zote, hana homa, macho yanaona sawasawa, shingo inageuka. Huyo anywe maji, ale, alale kivulini. Akitaka dawa, parasetamoli yatosha: mtu mzima kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, akae saa sita kabla ya kurudia, na asivuke vidonge vinane kwa usiku na mchana. Vikizidi hapo vinaharibu ini, na ini halipigi kelele mapema.

Kuna pia kipandauso. Hiki kinagonga upande mmoja, mtu anasikia kichefuchefu, hataki mwanga wala kelele, anataka chumba chenye giza. Kinatesa kweli. Lakini mwenye nacho anakifahamu. Kilimwanza ujanani, kinakuja na kuondoka, na kila kikija kinakuja vilevile. Akipata nafasi aende kituoni siku yoyote apewe ushauri wa dawa, ila si mbio za usiku. Mbio zinaanza siku ile anaposema: "Hiki si kile changu." Mgonjwa wa kipandauso akisema hivyo, mwamini.

Sasa swali la kwanza. Kilianzaje?

Kichwa cha kawaida kinapanda taratibu. Kiko kingine kinapiga kama radi: mtu yuko mzima, anazungumza, ghafla ndani ya dakika moja kimefika juu kabisa, na anakwambia hajawahi kuumwa hivyo maishani. Huenda ni mshipa wa damu umepasuka ndani ya kichwa. Hata kikianza kupungua baada ya saa moja, usikubali alale. Apelekwe siku hiyohiyo, na ni bora afike hospitali. Hapa usimpe asprini wala ibuprofeni, kwa kuwa dawa hizo zinazuia damu kuganda, na damu inayovuja kichwani tunataka iache kuvuja.

Kuna kichwa kilichoanza baada ya kuanguka au kugongwa. Sisi tuna michikichi, na vijana wetu wanapanda kukata mikungu. Tuna pikipiki kwenye barabara ya lami. Tuna mitumbwi inayoteleza. Mtu akigonga kichwa, akapoteza fahamu hata kwa dakika moja, au akatapika mara mbili, au anauliza jambo lilelile tena na tena, au maji meupe au damu inatoka puani au sikioni, aende mara moja. Kama hana dalili hizo, akae na mtu wa kumwangalia kwa siku mbili za mwanzo. Akilala, aamshwe baada ya saa chache aseme jina lake na jina la anayemwamsha.

Jambo linalosahauliwa ni hili: kwa mzee, damu inaweza kuvuja kidogo kidogo ndani ya fuvu kwa wiki kadhaa. Mzee aligonga kichwa mlangoni, watu wakasahau. Baada ya wiki tatu kichwa kinamuuma kila asubuhi, anaburuta mguu, anasinzia mchana, watoto wanasema "uzee huo". Si uzee. Tatizo hilo lina operesheni, na wengi wanaofanyiwa mapema wanarudi kutembea.

(Hapa simama kidogo. Uliza nani nyumbani kwake aligonga kichwa mwezi huu. Mara nyingi mkono mmoja utanyooka.)

Swali la pili. Kimekuja na nini?

Hapa Magara, kichwa kikija na homa, kila mtu anasema malaria, na mara nyingi ni kweli. Hamjasahau mwaka 2017 serikali ilipotangaza kwamba malaria imekuwa mlipuko nchini mwetu. Kichwa chenye homa kinahitaji kupimwa damu siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Usinunue dawa ya malaria dukani kwa kukisia. Mtoto wa chini ya miaka 5 mlete kwangu nimtoboe kidole, jibu ninalo kwa muda wa kama robo saa, na dawa ninampa. Mkubwa aende kituoni.

Lakini nataka mnisikilize vizuri hapa. Kuna ugonjwa mwingine unaoanza vilevile, kichwa na homa, nao ni homa ya uti wa mgongo. Vijidudu vinaingia kwenye utando unaofunika ubongo. Uliwahi kuzuka Burundi, Rwanda na Tanzania mwaka 2002, na mgonjwa mmoja mmoja hupatikana mwaka wowote. Ugonjwa huu unahesabu saa. Mtu anaweza kuanza asubuhi na usiku asiamke.

Tunautambuaje? Mlaze mgonjwa chali bila mto. Mwambie avute kidevu mpaka kiguse kifua, mdomo ukiwa umefumbwa. Akishindwa, au ukishika kichwa chake taratibu ukakiinua na mabega yakanyanyuka pamoja nacho kama ubao, shingo imekaza.

(Onyesha kwa kijana mzima kwenye mkeka, watu waone shingo laini ikoje. Kisha mwambie akaze misuli, waone tofauti. Mwache mama mmoja ajaribu kwa mikono yake.)

Pamoja na shingo, tazama kama anakimbia mwanga, anatapika, anasema maneno yasiyoeleweka, anasinzia, amepata degedege, au ana madoadoa mekundu au ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza. Kwenye ngozi yetu madoa hayo hayaonekani upesi, kwa hiyo tafuta viganjani, nyayoni na ndani ya kope.

Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinauma, na shingo yake haikazi mapema. Yeye anakataa ziwa, analia kilio chembamba ukimbeba badala ya kutulia, amelegea, na ule utosi laini juu ya kichwa umevimba hata akiwa amekaa na halii. Hiyo inatosha. Usinisubiri mimi, usisubiri baba yake arudi kutoka ziwani.

Sasa kosa ninaloliogopa kuliko mengine. Mgonjwa ana kichwa, homa na shingo imekaza. Anapimwa, kipimo kinasema malaria ipo. Watu wanafurahi: tumejua ugonjwa! Anapewa dawa, analazwa nyumbani. Ndugu zangu, katika eneo kama letu mtu anaweza kuwa na vijidudu vya malaria kwenye damu na papo hapo ana homa ya uti wa mgongo. Kipimo hakikudanganya, ila kilijibu swali moja tu. Shingo ikikaza, au akili ikipotea, au degedege ikitokea, anaenda, kipimo kiseme ndiyo, kiseme hapana. Hata ikiwa ni malaria peke yake, malaria iliyofika kwenye ubongo haitibiwi kwa vidonge. Inataka sindano ya atesuneti na kulazwa.

Na shingo ikiwa laini, je? Kama dalili nyingine zipo, bado anaenda. Shingo laini haimwokoi mtu anayesinzia.

Vingine vinavyokuja na kichwa ni hivi: mdomo umepinda, mkono au mguu upande mmoja hauna nguvu, maneno yanakwama, jicho moja halioni tena au linaona watu wawili pale alipo mmoja. Hiki ni kiharusi au kitu kinachobonyeza ubongo. Kumbuka saa ilipoanza, maana daktari atauliza. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Na jicho jekundu linalouma pamoja na kichwa, likiona duara za rangi kuzunguka taa, lionwe siku hiyohiyo, kwa kuwa linaweza kupofuka.

Swali la tatu ndilo ninalotaka tukae nalo zaidi. Kimempata nani?

Kichwa kilekile ambacho kwa kijana si kitu, kwa mama mjamzito aliyevuka miezi mitano ni jambo la kupimwa leo. Tuchukue mfano tuufuate mpaka mwisho.

Mama ana mimba ya miezi minane, uzao wake wa kwanza. Jumatatu kichwa kinamuuma mbele, juu ya macho. Ananunua parasetamoli dukani, kinapungua, anaenda kuanika ndagala. Jumanne kimerudi. Mama mkwe anamwambia ni uzito wa mtoto, avumilie. Jumatano asubuhi anaona vitu vinametameta mbele ya macho. Pete haitoki kidoleni. Anasikia maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, anadhani ni kiungulia. Hana homa.

Mhudumu wa afya anapita. Anamuuliza: "Dada yangu, kichwa kimeanza lini? Macho yanaona vipi? Tumbo la juu linauma? Mkojo unatoka kama zamani?" Mama anajibu, kisha anasema: "Lakini wiki tatu zilizopita nilipimwa presha kliniki, wakasema ni nzuri." Mhudumu hatoi dawa nyingine. Anatafuta pikipiki.

Kituoni muuguzi anamkalisha kwanza dakika tano, mgongo umeegemea, mkono uko usawa wa moyo, kwa sababu presha ya mtu aliyeshuka pikipiki sasa hivi haiaminiki. Kipimo kinasoma 160 juu, 110 chini. Kwa mjamzito, 140 juu au 90 chini tayari ni tatizo, na 160 au 110 ni dharura. Muuguzi anachovya karatasi ndogo kwenye mkojo, inabadilika rangi: protini imo, figo zinavuja. Sasa ugonjwa umejulikana. Ndio unaotangulia kifafa cha mimba.

Anachomwa magnesiamu salfeti, sindano nzito kwenye makalio, kila upande yake. Inachoma kama moto, mjue hivyo mapema, msije mkadhani ameharibiwa. Kazi yake ni kuzuia degedege. Anapewa pia dawa ya kushusha presha, kisha anapelekwa hospitali ya Rumonge. Kwa nini apelekwe wakati sindano ameshapata? Kwa sababu ugonjwa huu unatoka kwenye kondo la nyuma lenyewe. Dawa zinashikilia tu. Tiba ni mtoto atoke na kondo litoke, na daktari ndiye anayeamua siku na njia ya kuzaa.

Angekaa nyumbani, angeweza kupata degedege usiku, au mshipa kupasuka kichwani, au kondo kujitenga na mtoto akafa tumboni.

Tazameni sasa ni wapi angepotea. Parasetamoli ilituliza kichwa siku ya kwanza: kupungua kwa maumivu hakuonyeshi kwamba presha imeshuka. Presha ilikuwa nzuri wiki tatu nyuma: ugonjwa huu unaweza kuja kwa siku chache. Hakuwa na homa: hauna homa. Na miguu ya wajawazito wengi huvimba bila ubaya wowote, kwa hiyo kinachotushtua zaidi ni uso na mikono kuvimba ghafla.

Akipata degedege kabla ya kufika, mlazeni ubavu wa kushoto, ondoeni mawe na vyungu vilivyo karibu, msimshike kwa nguvu, msitie kijiko wala kidole mdomoni. Itakoma baada ya dakika chache. Ikikoma safari iendelee, hata akisema amepata nafuu.

Na akishazaa, hatari haijaisha. Ugonjwa huu unaweza kuja baada ya kujifungua, zaidi katika wiki ya kwanza, na huonekana hata mpaka wiki ya sita. Mama aliyezaa siku nne zilizopita, wageni wamejaa, yeye anasema kichwa, watu wanasema ni uchovu wa kuzaa na kukosa usingizi. Apimwe presha kwanza, ndipo aitwe mchovu. Habari ya pesa isiwe kizuizi: tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka 5 na akina mama wanaojifungua hawalipi kwenye vituo vya serikali.

Kilichobaki ni nauli, na nauli tuizungumze leo. Baba mwenye mke mjamzito ajue sasa nani ana pikipiki au gari anayeweza kuamshwa usiku wa manane, na fedha ya safari iwekwe mahali mke anapajua. Mvua zikinyesha sana barabara hii ya ziwani huharibika. Mwaka 2015 milima ya Gitaza iliporomoka, njia ya Bujumbura ikafungwa. Kwa hiyo kipindi cha mvua, mama mwenye presha ya kupanda na kushuka asisubiri uchungu uanze akiwa mbali. Muuguzi akimshauri akae karibu na hospitali, akae.

Kuna mtu mwingine ambaye kichwa chake kinapimwa tofauti. Ni yule anayeishi na virusi vya UKIMWI, hasa aliyeacha dawa au ambaye hajaanza. Yeye anaweza kupata kuvu kwenye utando wa ubongo. Kichwa kinakuja pole pole, wiki mbili, wiki tatu, kila siku kinaongezeka, homa ni ndogo au hakuna, shingo mara nyingi haikazi, macho yanaanza kufifia. Watu wanangoja kwa kuwa hakuna la kutisha. Aende, na amwambie muuguzi waziwazi kwamba anatumia dawa hizo au ameziacha. Sina haja ya kujua hapa ni nani. Njoo kwangu jioni, nitakusindikiza.

Na mwisho wa swali hili: kama kichwa kimewapata wote waliolala nyumba moja, tazameni imbabura. Usiku wa mvua mtu anaingiza jiko la makaa ndani ili kupata joto, mlango umefungwa. Makaa yanayowaka hutoa hewa mbaya isiyo na harufu wala moshi. Mama anaamka na kichwa, watoto wanatapika, wanalegea, wote pamoja. Wakitoka nje wanapata nafuu, wakirudi kinaanza tena. Malaria haiwapati watu watano saa moja. Fungueni mlango, wote watoke nje, jiko litolewe na mtu anayezuia pumzi, kisha waende kituoni. Mjamzito aende hata akijisikia mzima, maana mtoto tumboni anaumia zaidi yake. Makaa yawashwe na kuzimwa nje, hata yale yanayoonekana yamekuwa majivu.

(Sasa waache waulize. Maswali yafuatayo hutokea karibu kila mara; majibu yake uwe nayo.)

Mama mmoja atauliza: "Mimi kichwa kinaniuma kila siku, na kila siku ninameza dawa. Nisipomeza kinakuja. Je, ni hatari?"

Mama, hesabu siku. Ukimeza parasetamoli siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa yenyewe inaweza kuwa ndiyo inayoleta kichwa. Kwa vile vidonge vya mchanganyiko vyenye kafeini, siku 10 zinatosha kukufikisha huko. Dalili yake ni hiyo uliyoisema: kinakuja asubuhi, dawa ikiisha mwilini. Njoo kituoni upimwe presha na macho, tuone kama kuna sababu nyingine, kisha utasaidiwa kuziacha. Siku saba hadi kumi za mwanzo kichwa kitazidi, usikate tamaa. Kwa wengine wote: dawa ya kichwa isizidi siku mbili kwa wiki.

Mzee atasema: "Mimi nina presha. Siku kichwa kisipouma ninaacha vidonge, kikiuma ninameza."

Mzee wangu, samahani, hapo unajidanganya. Presha ya kupanda mara nyingi haiumi popote. Kichwa hakikwambii presha yako ikoje, mashine tu ndiyo inayokwambia. Meza kila siku kama ulivyoandikiwa. Na nikuulize: kichwa hiki ulikuwa nacho ujanani? Kama kimeanza baada ya kuvuka miaka 50, hata kikiwa chepesi, kinahitaji kuchunguzwa. Kama ngozi ya pembeni mwa paji inauma ukiigusa, au taya linachoka ukitafuna, usipitishe wiki, kwa sababu kuna ugonjwa wa mishipa unaoweza kuchukua macho.

Kijana atauliza: "Ni kweli wakitoa maji ya mgongo mtu anapooza au anakufa?"

Hapana. Sindano inaingia chini kiunoni, chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia, na wanachukua matone machache. Baada ya hapo kichwa kinaweza kuuma siku mbili tatu akikaa au kusimama, na kupungua akilala. Sifa mbaya ya kipimo hiki ilitoka hapa: waliopimwa walikuwa wamecheleweshwa, wakafa kwa ugonjwa, watu wakailaumu sindano. Kwa homa ya uti wa mgongo na ile kuvu niliyoitaja, maji hayo ndiyo yanayomwonyesha daktari ni dawa gani. Wakati mwingine kuyatoa ndiko kunakopunguza maumivu yenyewe.

Na dada mmoja, mara nyingi yule aliyekaa nyuma, atauliza: "Nikifika pale nimwambie nini muuguzi? Wana watu wengi, hawanisikilizi."

Dada yangu, usianze na "kichwa kinauma", maana kila aliye kwenye foleni atasema hivyo. Anza na kile kilichokuleta. Sema: "Mimba ni ya miezi minane, kichwa siku tatu, ninaona nyota." Au: "Mtoto ana homa tangu jana na shingo haikunjiki." Au: "Alianguka mchikichini Jumapili, ametapika mara tatu." Sema hivyo mlangoni, kabla ya kukaa kwenye benchi. Chukua kadi ya kliniki, na vidonge vyote alivyomeza, hata vya dukani, hata jani ulilochemsha, na utaje saa ya mwisho alipomeza. Ukiona mgonjwa anazidi kusinzia mkiwa kwenye foleni, simama useme tena.